Maji, choo na barabara: jinsi ya kusoma bei iliyofichika ndani ya kodi ya nyumba Mbarara

Jamaa walioko Mbarara wanapowaandikia ndugu zao wa ughaibuni kwamba nyumba ya kupangisha inahitaji kuingiziwa maji ya bomba, swali la kwanza huwa ni gharama. Swali la pili, ambalo aghalabu haliulizwi, ni hili: maji hayo yataongeza kiasi gani katika kodi ya kila mwezi? Fundi hawezi kulijibu, na dalali hulijibu kwa kukisia. Wanauchumi wana njia ya kulihesabu, na njia hiyo inaweza kuwapa wanaotuma fedha jibu la maana. Inaweza pia kuwapotosha vibaya wasipoisoma kwa uangalifu.

Njia hiyo huitwa regresheni ya hedoniki. Jina linatisha, lakini wazo lenyewe liko karibu na mambo ya sokoni. Hakuna mtu anayenunua "nyumba" tu. Mpangaji wa Kakoba au Nyamitanga hulipia vyumba, choo, maji, umeme, usalama wa ua na umbali wa kwenda kazini, vyote vikiwa vimefungwa katika furushi moja lenye bei moja. Vitu hivyo haviuzwi kimoja kimoja, na hakuna duka linalotangaza bei ya "choo cha ndani kwa mwezi". Hata hivyo bei hiyo ipo. Imefichika ndani ya kodi, na kazi ya hesabu hii ni kuifumbua.

Mchumi wa Marekani Frederick Waugh alilitumia wazo hili mwaka 1928 katika soko la mboga la Boston. Alitaka kujua ni sifa zipi za mboga zinazopandisha bei, akapima mambo kama rangi, ukubwa na usawa wa vipande, kisha akavilinganisha na bei zilizolipwa. Mwaka 1939 Andrew Court aliipeleka njia hiyo kwenye magari na kuipa jina la hedoniki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya raha au starehe. Mwaka 1974 Sherwin Rosen aliijengea nadharia ambayo bado ndiyo msingi wake, naye ndiye aliyeeleza kwa uwazi kwamba kila sifa ya bidhaa ina bei yake fiche.

Kwa nini wastani haufai

Chukua mfano mdogo wa kubuni, ambao tarakimu zake ni za kuelezea tu. Katika mtaa mmoja, chumba kimoja chenye choo cha nje kinapangishwa kwa shilingi 60,000 za Uganda kwa mwezi, na chumba kama hicho chenye choo ndani kwa shilingi 81,000. Mkusanyaji wa takwimu anapita na kupata vyumba kumi: vinane vya aina ya kwanza na viwili vya aina ya pili. Wastani wa kodi ni shilingi 64,200. Baada ya miezi mitatu anarudi. Wajenzi wameongeza vyumba vipya, na safari hii katika vyumba kumi alivyovipata, vinne vina choo cha nje na sita vina choo ndani. Wastani sasa ni shilingi 72,600.

Kichwa cha habari kinaweza kusema kodi zimepanda kwa asilimia 13. Ukweli ni kwamba hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyepandisha kodi. Kilichobadilika ni aina ya vyumba vilivyopimwa. Katika mji unaokua haraka kama Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, kosa la namna hii ni rahisi kulifanya, kwa sababu nyumba mpya mara nyingi hazifanani na za zamani.

Hii ndiyo sababu ofisi za takwimu huitumia njia ya hedoniki. Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, huandaa fahirisi ya bei za nyumba za makazi kila robo mwaka kwa njia hiyo, na Uingereza imeitumia kwenye fahirisi yake rasmi ya bei za nyumba tangu 2016. Lakini fahirisi ya UBOS inahusu eneo la Kampala na viunga vyake. Anayetaka kujua habari za Mbarara, au za Kabingo wilayani Isingiro, hawezi kuzisoma humo. Itambidi akusanye na kuhesabu mwenyewe, au azielewe vyema hesabu za yule atakayemfanyia.

Kutoka jozi moja hadi nyumba mia

Njia nyepesi zaidi ya kupata bei fiche ni kulinganisha jozi. Vyumba viwili katika ua mmoja, vyenye ukubwa sawa, maji yaleyale na mlango wa barabara uleule, vinatofautiana kwa choo peke yake. Tofauti ya kodi zao, shilingi 21,000 katika mfano wetu, ndiyo bei ya choo cha ndani.

Tatizo ni kwamba jozi safi kama hizo ni adimu. Chumba chenye choo ndani huwa pia ni kikubwa zaidi, au kipya zaidi, au kiko karibu zaidi na lami. Regresheni hufanya kwa hesabu kile ambacho jozi ingefanya kwa macho. Huchukua nyumba nyingi zinazotofautiana kwa mambo mengi kwa pamoja, kisha hutafuta tarakimu moja kwa kila sifa, ili tarakimu zote zikijumlishwa zikaribie kodi halisi kadiri inavyowezekana. Tarakimu ya kila sifa huitwa kizigeu, na husomwa hivi: kodi inabadilika kiasi gani sifa hii ikibadilika, huku sifa nyingine zilizomo kwenye hesabu zikibaki kama zilivyo.

Kwa nyumba, watafiti wengi hawatumii kodi yenyewe bali logariti yake. Sababu ni ya kawaida kabisa: choo cha ndani hakiongezi shilingi zilezile katika chumba cha mwanafunzi na katika nyumba ya vyumba vitatu. Kwa kawaida huongeza sehemu fulani ya kodi. Logariti huruhusu bei fiche kusomwa kama asilimia.

Tuseme mtu amekusanya kodi za nyumba mia na hamsini za Mbarara, na hesabu imempa matokeo haya. Nayo pia ni ya kubuni:

```
ln(kodi) = 11.00 + 0.40*vyumba_vya_ziada + 0.18*maji + 0.30*choo_ndani - 0.07*km
```

Namba 11.00 ni mahali pa kuanzia: chumba kimoja, bila maji, bila choo ndani, kilicho pembeni kabisa mwa soko kuu. Ukiirudisha kutoka kwenye logariti unapata takriban shilingi 59,900. Sifa za maji na choo huandikwa 1 zikiwepo na 0 zisipokuwepo, na umbali wa kwenda sokoni huhesabiwa kwa kilomita.

Sasa chukua nyumba ya vyumba viwili, yenye maji na choo ndani, kilomita mbili kutoka sokoni. Jumla ni 11.00 + 0.40 + 0.18 + 0.30 − 0.14, yaani 11.74, ambayo ni takriban shilingi 125,500. Ondoa maji peke yake, jumla inashuka hadi 11.56, na kodi inakuwa karibu shilingi 104,800. Bei fiche ya maji katika nyumba hiyo ni shilingi 20,700 kwa mwezi.

Rudia hesabu hiyo kwa chumba kimoja chenye choo cha nje, katika umbali uleule. Bila maji kodi ni takriban shilingi 52,000, na pamoja na maji ni 62,300. Kizigeu ni kilekile, 0.18, lakini safari hii maji yana thamani ya shilingi 10,300 tu. Kwa asilimia hakuna tofauti, kwani katika nyumba zote mbili kodi imepanda kwa karibu asilimia 20. Msomaji mwangalifu ataona kwamba 0.18 haikutoa asilimia 18 kamili. Hiyo ni tabia ya logariti: kizigeu kidogo hukaribiana na asilimia yake, lakini kadiri kinavyokua ndivyo pengo linavyopanuka. Kizigeu cha choo, 0.30, kinamaanisha nyongeza ya asilimia 35.

Mahali ambapo fedha hupotea

Turudi kwa familia iliyoombwa kutuma fedha. Nyumba yao ya vyumba viwili leo inapangishwa kwa shilingi 105,000 bila maji. Tuseme kuvuta bomba, pamoja na mabomba ya ndani, kutagharimu shilingi 1,000,000. Kwa hesabu ya hapo juu, kodi itapanda kwa shilingi 20,700, na gharama itarudi baada ya miezi 48 hivi, ikiwa nyumba haitakaa tupu. Miaka minne si mingi. Fedha zinatumwa.

Lakini hesabu hiyo iliacha jambo moja. Katika nyumba mia na hamsini zilizopimwa, hakuna aliyeandika kama gari linafika mlangoni. Bomba la maji hufuata barabara. Nyumba zilizo kando ya barabara nzuri ndizo hupata maji mapema, na nyumba za ndani, zinazofikiwa kwa kijia, hukaa bila maji kwa muda mrefu. Kwa hiyo, nyumba zenye maji katika orodha ile ni, kwa sehemu kubwa, nyumba zenye barabara pia. Hesabu haikuambiwa habari za barabara, ikaipa maji sifa yote.

Mkusanyaji anarudi, anaongeza safu moja katika daftari lake, na kuhesabu upya. Kizigeu cha barabara kinatoka 0.14, na kile cha maji kinashuka kutoka 0.18 hadi 0.08. Sasa maji yanaongeza asilimia 8 tu, yaani karibu shilingi 8,700 kwa nyumba ya shilingi 105,000. Gharama ileile ya shilingi 1,000,000 itarudi baada ya miezi 115, zaidi ya miaka tisa na nusu. Nyumba ni ileile na bomba ni lilelile. Kilichobadilika ni safu moja ya daftari.

Hili ndilo kosa kuu katika kazi za namna hii, na halionekani kwa kuangalia jinsi hesabu inavyolingana na kodi kwa ujumla. Hesabu yenye kasoro inaweza kukisia kodi vizuri sana, kwa sababu mahali palipo na maji kweli kodi ni kubwa. Kosa liko katika kumpa mmoja sifa ya mwingine. Dalili yake ni kizigeu kinachoyumba: ukiongeza sifa mpya na kizigeu cha zamani kikabadilika sana, ujue vilikuwa vimebebana. Dalili nyingine ni ishara isiyo na maana, kwa mfano choo cha ndani kinapoonekana kupunguza kodi. Ikitokea hivyo, huenda kuna jambo baya ambalo limefungamana na vyoo hivyo katika sampuli, labda mtaa wenye mafuriko au nyumba chakavu, na ambalo halikuandikwa.

Kuna hali mbaya zaidi. Ikiwa kila nyumba yenye maji ina barabara, na kila nyumba isiyo na maji haina barabara, hakuna hesabu duniani itakayovitenganisha viwili hivyo. Tiba yake ni kutembea zaidi hadi zipatikane nyumba chache za kijiani zenye maji, na nyingine za barabarani zisizo nayo. Hizo chache ndizo zitakazobeba jibu.

Ndiyo maana kizigeu kisiachwe kitembee peke yake. Huambatana na kosa sanifu, kipimo cha jinsi tarakimu ingeweza kuyumba kama nyumba nyingine zingepimwa badala ya hizi. Ikiwa kizigeu cha maji ni 0.08 na kosa sanifu ni 0.05, masafa yake ya kawaida yanaanzia −0.02 na kuishia 0.18. Yaani takwimu hizo zinakubaliana na wazo kwamba maji hayaongezi kitu katika kodi, na zinakubaliana pia na wazo kwamba yanaongeza karibu asilimia 20. Mtu anayetuma fedha anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kuambiwa asilimia 8.

Bei ya soko haiwi thamani ya kila mtu

Rosen alisisitiza jambo ambalo hupotea kwa urahisi. Bei fiche ni mahali ambapo wapangaji wengi na wenye nyumba wengi wamekutana. Haisemi fundi atadai kiasi gani, wala haisemi sifa hiyo ina thamani gani kwa mtu fulani. Mwanafunzi anayesoma Kihumuro na mama mwenye kibanda sokoni wanaukabili umbali uleule wa kilomita mbili kwa namna tofauti kabisa, ingawa soko linawatoza wote kwa kipimo kimoja.

Kwa watu wa Nakivale na jamaa zao waliohamia nchi za mbali, mfano mkali zaidi ni ardhi. Tuseme mtafiti anapima bei za viwanja vya Kabingo, na katika safu moja anaandika kama kiwanja kina hati miliki au kina mkataba wa mauzo peke yake. Kizigeu cha hati kitakuwa, bila shaka, bei ya usalama: uwezo wa kuuza bila mgogoro, kurithisha, na kuweka dhamana benki. Lakini bei hiyo imepangwa na wanunuzi wanaoweza kuimiliki hati hiyo kikamilifu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, asiye raia hawezi kupata umiliki huru. Anaweza kupewa pango lisilozidi miaka 99. Mnunuzi asiye raia anayelipa bei kamili ya kiwanja chenye hati ya umiliki huru analipia pia haki ambayo sheria haimpi. Hesabu ya hedoniki haitamwonya juu ya hilo, kwani yenyewe huripoti kile ambacho soko limelipa na haiulizi analipa nani.

Nakivale haiingii katika daftari la Mbarara

Kishawishi kingine ni kuzichanganya nyumba za Nakivale na za Mbarara katika orodha moja, kuweka safu ya "makazi ya wakimbizi: 1 au 0", na kukisoma kizigeu chake kama bei ya kuishi makazini. Hapo njia hii inafika mwisho wa uwezo wake. Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yako juu ya ardhi ya serikali. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 humpa mkimbizi haki ya kuitumia ardhi aliyogawiwa, lakini hazimruhusu kuiuza wala kuikodisha. Bei fiche huhitaji soko ambamo watu wanaweza kuchagua kati ya furushi hili na lile. Kiwanja kilichogawiwa hakikuchaguliwa kwa bei, na mkazi wa Nakivale hakulinganisha umbali wake na kodi kama anavyofanya mpangaji wa Kakoba. Safu ya 1 au 0 ingebeba kila kitu kinachotofautisha sehemu hizo mbili: sheria, kazi, misaada na usafiri, na ingekipa jina moja.

Kuna swali jingine ambalo njia hii inaweza kulijibu vizuri zaidi, na linawahusu wakimbizi wanaopanga mjini: je, mgeni anatozwa zaidi kwa nyumba ileile? Hapa mtafiti huandika sifa zote za nyumba, kisha huongeza sifa moja isiyo ya nyumba, yaani mpangaji ni nani. Mwaka 1973 Thomas King na Peter Mieszkowski walifanya hivyo kwa kodi za mji wa New Haven, Marekani, na wakapata kwamba wapangaji Weusi walilipa zaidi kuliko Weupe kwa nyumba zinazofanana. Uzito wa ushahidi wa namna hiyo hutegemea kabisa kile kilichoandikwa katika safu nyingine. Mkimbizi ambaye alilazimika kupata chumba ndani ya siku mbili, au anayelipa mwezi kwa mwezi wakati jirani amelipa miezi sita mapema, anaweza kulipa zaidi kwa sababu hizo, na muda wa mkataba usipoandikwa, tofauti yote itaonekana kama ubaguzi. Ukiandikwa, na tofauti ikabaki, mwenye nyumba atakuwa na jambo la kueleza.

Anayetaka kuanza hahitaji programu ya gharama kubwa. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Kazi kubwa iko katika daftari. Iandikwe kodi iliyokubaliwa na kulipwa, si ile iliyotajwa na dalali mwanzoni. Uandikwe mwezi wa makubaliano, na kama umeme na maji vimo ndani ya kodi au mpangaji hulipia kando, kwa maana nyumba ya shilingi 120,000 iliyojumlisha umeme si lazima iwe ghali kuliko ya 105,000 yenye mita yake. Nyumba zisichaguliwe katika mtaa mmoja wala kupitia dalali mmoja. Na kwa kila sifa inayotafutiwa bei, watafiti wengi hupenda kuwa na nyumba zisizopungua kumi hadi ishirini, baadhi yake zikiwa nayo na baadhi zikiikosa. Kwa nyumba kumi peke yake, jozi moja safi ndani ya ua mmoja, ikipatikana, itasema kweli zaidi kuliko regresheni yoyote.